Ufa kwenye kona ya bomba: uchambuzi wa kisa cha bafu moja

Usuli

Bafu lenyewe lilikuwa na miezi minne tu tangu livishwe vigae. Sehemu ya kuogea ni mraba wa sentimita 120 kwa 120, na tundu la kutolea maji liko katikati, limefunikwa kwa chujio la chuma la sentimita 10 kwa 10. Sakafuni viliwekwa vigae vya poselini vya 60 kwa 60, na ukutani poselini ya 30 kwa 60 iliyolazwa. Kwenye ukuta mmoja hutokeza mabomba mawili ya shawa, la moto na la baridi, ya nusu inchi, yaliyoachana sentimita 15 kutoka kitovu hadi kitovu.

Mwenye nyumba aliniita kwa ajili ya kigae kimoja. Kilikuwa na ufa uliotoka kwenye shimo la bomba la moto ukapanda mshazari hadi ukingo wa juu. Alikuwa bado na vigae saba vya sakafu na vinne vya ukuta vilivyobaki kwenye kazi ya kwanza.

"Fundi, si ubadilishe tu hicho kilichopasuka, mimi niendelee na shughuli zangu?"

Nilimwomba anioneshe upande wa pili wa ukuta. Kule chumbani, chini karibu na sakafu, rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, na lipu ikiguswa ilikuwa ya baridi na unyevu. Hapo kigae kimoja kikawa kazi ya bafu zima, au karibu zima, na hilo "karibu" nitalirudia mwishoni.

Taarifa zinazoweza kumtambulisha mwenye nyumba, au fundi aliyenitangulia, nimeziacha. Vipimo ni vya kazi yenyewe.

Tulichokiona kabla ya kubomoa

Ufa ule ulijieleza wenyewe. Shimo la bomba halikuwa la duara. Fundi wa kwanza alikata mraba kwa grainda, na katika kila kona mikato miwili ilipishana, mmoja ukapita mwenzake kwa karibu sentimita moja. Ufa ulianzia penye ncha ya mkato uliopitiliza. Mraba wenyewe ulibana bomba kabisa, na palipobaki upenyo pamejazwa grauti.

Mpishano huo wa mikato si uzembe mtupu. Diski ya grainda ni ya duara. Ukikata kutoka juu ukasimama pale penye alama ya kona, upande wa juu wa kigae umefika lakini upande wa chini bado haujakatika, kwa sababu tumbo la diski limetangulia na kingo zake zimebaki nyuma. Ili kipande kidondoke, fundi anasukuma diski mbele kidogo, na mkato wa juu unavuka alama. Kwa macho ni mstari mwembamba tu ambao kisahani cha bomba kitaufunika. Kwa kigae ni mwanzo wa ufa uliokwisha kuchongwa. Poselini ni ngumu lakini haina uvumilivu wa kupinda: mvutano wote unaoipata hukusanyika kwenye kona kali, na kona ikiwa na ncha ya mkato, kigae hakihitaji msukumo mkubwa. Bomba la maji ya moto linalotanuka na kusinyaa kila siku ndani ya grauti iliyokauka kama jiwe lilitosha kabisa.

Nikagonga vigae kwa mpini wa bisibisi. Ukuta wa mabomba ulilia wazi karibu wote, sauti ya penye hewa nyuma ya kigae. Sakafuni kila kigae kililia wazi sehemu kubwa, lakini kikalia kizito penye sehemu chache. Kigae kilichozunguka tundu kilikuwa kizima, kimekatwa mraba wa chujio ndani yake, na kililala sawa kabisa bila mteremko. Pimamaji ilithibitisha hivyo. Maji yalisimama kandokando ya chujio baada ya kila kuoga, na mwenye nyumba alikuwa na ufagio wa mpira wa kuyasukuma.

Kabla ya kubomoa tulitaka kujua maji yanapita wapi. Tulipima mabomba kwanza: tukafunga mifereji yote, tukaweka saa ya mgandamizo, tukaiacha usiku kucha. Mshale haukusogea, kwa hiyo mabomba yalikuwa mazima. Kisha tukaacha bafu bila kutumika siku tatu, doa la chumbani likapungua. Baada ya hapo tukaziba koo la tundu chini ya chujio na kujaza maji sakafuni kina cha sentimita mbili, bila kulowesha ukuta. Kando tuliweka beseni lenye maji ya kina kilekile, likiwa na alama, ili tujue ni kiasi gani kinapotea kwa kukauka tu. Baada ya saa 24 beseni lilikuwa limeshuka milimita moja hivi, na sakafu milimita saba. Doa likarudi.

Kwa hiyo ufa wa ukutani, uliotuita, haukuwa mlango mkuu wa maji. Mlango mkuu ulikuwa chini, kwenye chujio.

Tulichokikuta chini ya vigae

Ukutani hatukuhitaji nyundo. Kigae cha kwanza kilitoka kwa mwiko tu, na nyuma yake gundi ilikuwa laini, nyeupe, inabonyea kama unga uliokandwa. Miezi minne, na bado ina alama za meno ya mwiko zisizoguswa na kigae! Kwa mwenye nyumba tuliuliza gundi ilikuja na chombo gani. Ilikuja kwenye ndoo, imekwisha changanywa, tayari kupakwa.

Gundi ya ndoo si mbaya kwa asili yake. Inashika kwa kukauka: maji yaliyomo lazima yatoke, ama yanywewe na kigae ama yanywewe na ukuta. Kigae cha udongo chenye mgongo mwekundu hunywa maji vizuri. Poselini, kwa kipimo kinachoitambulisha kama poselini, hainywi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Weka gundi hiyo kati ya poselini na lipu iliyopakwa rangi au iliyojaa unyevu, na maji yake hayana pa kwenda ila kupitia viungo vyembamba. Ile inayokauka pembeni nayo ikiloweshwa kila siku, nyingi hulainika tena. Gundi ya mfuko, ile ya saruji, hushika kwa njia nyingine: maji huingia kwenye mwungano wa saruji yenyewe na kuigandisha, hivyo inakomaa hata nyuma ya kigae kisichopitisha kitu.

Sakafuni gundi ilikuwa ya saruji, tena ngumu, lakini imewekwa kwa mabonge matano kila kigae: manne pembeni na moja katikati. Ndiyo maana kigae kililia kizito hapa na wazi pale. Kati ya mabonge kulikuwa na maji yaliyosimama, yananuka. Maji ya kuoga yalipita kwenye upenyo kati ya kigae na fremu ya chujio, yakaenea chini ya vigae vyote kama kwenye ghala, kisha yakatafuta njia ya ukuta. Utando wa kuzuia maji ulikuwepo, lakini uliishia kama vidole viwili kabla ya kufika kwenye tundu. Na kitako cha chujio hakikuwa na ukingo wa kuushikia hata kama ungefika.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ni kiasi gani kibomolewe. Mwenye nyumba alitaka kidogo, mimi nilitaka kuta zote tatu na sakafu. Tulikubaliana sakafu yote ya sehemu ya kuogea, ukuta wa mabomba, na ukuta wa kushoto unaopigwa na maji ya shawa. Ukuta wa kulia, ulio mbali na shawa, tuliuacha. Ulipogongwa ulilia wazi sehemu chache tu, na sababu ya kuuacha ilikuwa vigae: aina ile haikupatikana tena, na vya akiba vilikuwa vinne. Kilichotuokoa ni ubovu wa gundi yenyewe. Kwa kuwa ilikuwa laini, vigae vingi vya ukutani vilitoka vizima. Tulivikwangua, tukavisugua kwa maji ya moto hadi mgongo ukawa msafi, tukavitumia tena.

Uamuzi wa pili ulihusu mpangilio wa sakafu, na ndio ulioamua mengine yote. Kigae cha 60 kwa 60 hakiwezi kufuata mteremko wa pande nne. Ama kinalala sawa kama kile cha kwanza, ama kinainuka kona. Tuliamua kukata vigae hivyo robo nne, kila kipande kikapata milimita 299 baada ya unene wa diski kuondoka. Kisha tukapanga kuanzia kwenye tundu, si kuanzia mlangoni, ili kitovu cha chujio kiangukie pale vigae vinne vinapokutana. Fundi wa kwanza alianza na kigae kizima mlangoni kwa sababu huko ndiko jicho linakoangukia kwanza. Ninamwelewa. Ila ukianza mlangoni, tundu litaangukia popote, na popote huwa ni katikati ya kigae, ambako mkato ni mgumu kuliko mahali pengine pote.

Kwa mpangilio wetu kila kimoja cha vigae vinne vya katikati kilihitaji kunyofolewa kona moja tu. Tena kwa kuwa mteremko ni wa pande nne kama bahasha, kila kigae cha katikati kinakaa juu ya mstari wa kukunjia bahasha hiyo, hivyo lazima kipasuliwe mshazari. Tulipochora karatasini tuliona jambo lililotufurahisha: mstari wa mshazari unapita hasa kwenye kona ya ndani ya ule mnyofoo. Ukishapasua mshazari, kona ya ndani haipo tena. Kila kipande kinabaki na mikato iliyonyooka tu, na ufa hauna pa kuanzia.

Uamuzi wa tatu ulikuwa gundi. Tulichukua ya mfuko yenye alama `C2TE S1`. Herufi hizo zinatoka kwenye kiwango cha Ulaya cha gundi za vigae, `EN 12004`, na zinafaa kujulikana kuliko jina la kampuni. C ni gundi ya saruji, wakati ile ya ndoo huandikwa D. Tarakimu 2 inamaanisha mshiko wa daraja la juu, angalau nyutoni 1 kwa kila milimita mraba, na C1 ni nusu ya hapo. T ni kwamba haiachii kigae kiteleze ukutani. E ni kwamba ikishapakwa inakaa muda mrefu kidogo kabla ya kuota ngozi. S1 ni kwamba inakubali kupinda kidogo. Kwa poselini ndogo kwenye zege imara, C2 bila S1 ingeweza kutosha. Tulitaka S1 kwa sababu gundi ingekaa juu ya utando wa kuzuia maji, na ukuta ule una bomba la moto ndani yake.

Kazi ilivyokwenda

Kwanza tuliacha lipu na zege vikauke. Tulibandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, tukaziba kingo zake zote kwa tepu, tukakiacha siku nzima. Ndani yake kukiwa na matone, bado. Ilituchukua siku tisa na feni.

Tukafunga kitako kipya cha chujio chenye ukingo mpana, tukamwaga sakafu ya mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Kutoka ukutani hadi kitovu ni sentimita 60, kwa hiyo mshuko ni milimita 12. Utando ulikuwa wa aina ya saruji, wa kupaka kwa brashi, makoti mawili, la pili likikatiza la kwanza. Kati ya makoti tulizamisha kola za kitambaa chenye mpira: moja ikilala juu ya ukingo wa chujio, na moja kwa kila bomba, ikilibana bomba lenyewe. Ulipokomaa tulirudia jaribio la maji kwa saa 24. Safari hii sakafu na beseni vilishuka sawa. Hatukugusa gundi kabla ya hapo.

Sasa mkato wa kona ya chujio. Hesabu yake ni fupi, lakini ni ile inayokosewa kila mara. Fremu ya chujio ni milimita 100, nusu yake 50. Tulitaka nafasi ya milimita 3 kati ya fremu na kigae, kwa ajili ya silikoni, ikawa 53 kutoka kitovu. Kigae lakini hakianzii kwenye kitovu. Kiungo ni milimita 3, na nusu yake, 1.5, iko upande wa kila kigae. Kwa hiyo kutoka kwenye ncha ya kigae unapima 53 kutoa 1.5, yaani milimita 51.5 kila upande. Tulichora, tukapasua mshazari kwanza, kisha tukakata kipande kimoja kimoja kwa diski ya almasi yenye ukingo mzima usio na meno. Kila mkato tuliupitisha mara mbili: mara ya kwanza kina cha milimita 2 hivi ili kuweka njia, mara ya pili hadi chini. Ukijaribu kumaliza kwa mara moja, glezi ya juu humeguka, na meguko la poselini huonekana jeupe hata ukiwa umesimama.

Mikato yote ilifanyika nje, kwa maji. Vumbi la poselini lina silika na halitoki mapafuni, na grainda ya umeme karibu na maji inahitaji soketi yenye kikata umeme cha usalama. Sisemi zaidi juu ya hilo.

Kwa mabomba tulitumia kikombe cha kutobolea chenye almasi, kipenyo milimita 30. Bomba kwa nje ni kama milimita 21, hivyo inabaki nafasi ya milimita 4.5 kuzunguka. Kisahani cha bomba kina kipenyo cha milimita 60, kinafunika vyote. Kikombe hicho hakina ncha ya katikati, kwa hiyo ukikisimamisha wima juu ya poselini kitakimbia na kuchora kigae chako. Unakiinamisha, unaacha ukingo mmoja ung'ate hadi utokee mwezi mwandamo, halafu unakisimamisha polepole drili ikiendelea. Drili haiwi kwenye mtindo wa kugonga. Mwendo ni wa taratibu, mkono ni mwepesi, na msaidizi anakamulia sponji ya maji. Tope linalotoka linakueleza hali: likiwa jeupe na majimaji, endelea, likianza kuwa unga mkavu au kunuka kuungua, almasi inakufa. Karibu na mwisho unalegeza mkono zaidi, kwa sababu kikombe kikitoka upande wa pili kwa nguvu hubomoa mgongo wa kigae.

Kosa la siku hiyo lilikuwa langu. Kigae chenye mashimo mawili kilikaa kulia kwa kigae kilichokwisha bandikwa. Nilipima kutoka ukingo wa kile kilichobandikwa hadi kitovu cha bomba la kwanza: milimita 187. Nikahamisha 187 hiyohiyo kwenye kigae kipya. Ilipaswa kuwa 184, kwa kuwa milimita 3 za kiungo si sehemu ya kigae. Mashimo yote mawili yalikaa pembeni: upande mmoja wa bomba nafasi ya 1.5, wa pili 7.5. Msaidizi wangu alisema kisahani kitafunika, na kweli kingefunika. Ila milimita 1.5 haipitishi silikoni hadi ndani, na upande wa 7.5 ungehitaji kujazwa kwa kubahatisha. Kigae kimoja kati ya vinne vya akiba kikaenda. Baada ya hapo nilikata kipande cha katoni saizi ya kigae, nikakitoboa, nikakijaribisha mahali pake penye spesa zake, ndipo nikahamisha alama. Kilichukua dakika kumi ambazo ningezitumia mwanzo.

Bomba la juu la kichwa cha shawa liliangukia karibu na kiungo, kiasi kwamba shimo lingebakisha utepe wa poselini wa nusu sentimita. Utepe wa namna hiyo hauponi. Tulitoboa duara, kisha tukakata mistari miwili kutoka duara hadi ukingoni, ikawa kama herufi U. Duara ndilo lililozuia kona kali.

Gundi ilichanganywa kwa kutia maji kwanza kisha unga, kwa kipimo kilichoandikwa mfukoni, ikapumzika dakika tano, ikachanganywa tena. Ilipoanza kuwa nzito hatukuongeza maji, yanaharibu mshiko. Ukutani na sakafuni tulikwangua koti jembamba kwanza kwa upande bapa wa mwiko, kisha tukapitisha meno ya milimita 10, mistari yote ikienda upande mmoja. Mgongo wa kila kigae ulipakwa pia. Kigae kilisukumwa kwa kukatiza mistari, mbele na nyuma, ili matuta yalale na hewa itoke. Kigae cha pili na cha nane tulivibandua vikiwa vibichi kuangalia. Cha pili kilikuwa na ukavu kama robo upande wa bomba, kwa sababu msaidizi aliogopa gundi isijae kwenye nafasi ya kuzunguka bomba akapaka kidogo. Tulirekebisha: paka kote, kisha futa nafasi ya bomba kwa kijiti kabla haijaganda. Kwenye sehemu ya maji kinachotakiwa ni angalau asilimia 95 ya mgongo ishike, tena pasipo tupu kwenye kingo na kuzunguka mkato.

Grauti iliingia siku ya pili. Kuzunguka mabomba, kuzunguka fremu ya chujio, na kwenye pembe zote za ukuta na sakafu hapakuingia grauti ila silikoni ya bafuni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokomaa, na asidi haielewani na saruji wala na shaba. Usawa wa kigae ulibaki milimita moja juu ya chujio, pande zote nne.

Matokeo

Maji hayasimami tena. Doa la chumbani lilichukua wiki tano kukauka, likakwanguliwa na kupakwa rangi. Kwenye mabomba hakuna ufa wala silikoni iliyoachia baada ya miezi saba. Mstari mmoja wa mshazari sakafuni ni mnene kuliko mingine, karibu milimita 5, kwa kuwa grainda ilinitoroka. Mwenye nyumba hajawahi kuutaja. Mimi nauona kila ninapoingia.

Mwezi wa saba baada ya kazi aliniita tena. Vigae viwili vya chini kwenye ukuta wa kulia, ule tuliouacha, vilikuwa vimetokeza kwa unene wa kucha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kupanga kuanzia tundu. Ilionekana kama suala la sura, lakini ndiyo iliyotupa mteremko, ikaondoa kona za ndani, na ikaruhusu vigae saba vitoshe: sakafu ilihitaji vinne tu, vitatu vikabaki vya kuharibika, na kimoja kiliharibika kweli. Ningekuwa na vigae vipya vya 60 vya kutosha labda nisingefikiria kuvikata robo, na ningeishia kuhangaika na bahasha kubwa zenye mikato mirefu.

Majaribio ya maji kabla ya kubomoa nayo yalilipa. Bila beseni la kando ningesema milimita saba ni joto tu. Na bila kutenganisha sakafu na ukuta tungefunga shimo la bomba vizuri, tukaondoka, na chumba kikaendelea kulowa. Jambo la kuangalia ni kwamba ufa wa bomba na uvujaji wa chujio vilikuwa makosa mawili tofauti yaliyokaa bafu moja. Cha kwanza ni cha mkato, cha pili ni cha utando na mabonge. Gundi ya ndoo ukutani ilikuwa la tatu, nalo lilikuwa bado halijamaliza kazi yake tulipofika.

Hapo ndipo nilipokosea hukumu. Niliugonga ukuta wa kulia nikasikia wazi sehemu chache, nikatafsiri kwamba sehemu nyingine zimeshika. Kugonga hukuonesha penye hewa, hakukuoneshi penye gundi mbichi. Gundi laini iliyojaa nyuma ya kigae hutoa sauti nzito ileile kama iliyokomaa. Nilikuwa na ushahidi mkononi, vigae vya kuta mbili vilivyotoka kwa mwiko, gundi ya ndoo moja, fundi mmoja, siku moja, na bado nikaamini sikio. Ningebandua hata kimoja cha chini upande ule ningejua.

Tulipovitoa vile viwili, nyuma yake palikuwa kama ramani. Kuzunguka kingo, upana wa vidole vitatu, gundi ilikuwa kavu na ngumu, kwa kuwa pale ilipata hewa kupitia viungo. Katikati ilikuwa bado laini, na kidole kilizama hadi kwenye lipu.